Jedwali la mapitio ya machapisho kwa mwanafunzi wa fildi: mfano wa plastiki kwenye sangara na sato wa Mwanza

Mwanafunzi anayefika Mwanza kwa fildi ya utafiti, iwe ya uvuvi, ya maji au ya afya ya jamii, mara nyingi haanzi kwa kwenda ziwani. Anapewa mada na kuambiwa alete mapitio ya machapisho. Wengi hukimbilia kuandika aya: pepa ya kwanza inasema hivi, ya pili inasema vile, ya tatu nayo inaongeza hili. Msimamizi akiuliza, "Hao samaki walikuwa wangapi?" jibu halipo, na kulipata ni kufungua upya mafaili yote. Jedwali linaondoa shida hiyo, mradi lijengwe kabla ya aya na si baada yake.

Nitatumia mada moja tangu mwanzo hadi mwisho: plastiki ndogondogo, yaani vipande visivyofika milimita 5, ndani ya samaki wa Ziwa Victoria. Machapisho yake bado ni machache ukilinganisha na yale ya sangara na kupotea kwa furu, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuyamudu. Tena pepa inayotajwa na karibu kila anayeandika juu ya mada hii ilifanyiwa hapa hapa mkoani.

Swali kwanza, safu baadaye

"Plastiki katika Ziwa Victoria" ni mada, bado si swali. Ukianza na mada, jedwali litakuwa na safu za mwandishi, mwaka, kichwa na "matokeo", na kila kisanduku cha matokeo kitajaa muhtasari wa ikisiri. Jedwali la namna hiyo ni orodha ya marejeo iliyowekwa mistari.

Andika swali ambalo utafiti wako unahitaji lijibiwe. Kwa mfano: je, plastiki imethibitishwa katika samaki gani wanaoliwa kando ya ziwa, kwa njia gani, na kwa kiasi gani? Swali hili tayari limekupa safu. "Imethibitishwa" inadai safu ya jinsi walivyothibitisha. "Samaki gani" inadai spishi na idadi. "Kwa kiasi gani" inadai namba pamoja na kipimo chake. Ukishindwa kutoa safu kutoka kwenye swali lako, swali bado ni pana mno. Rudi kwa msimamizi mlipunguze kabla hujapakua faili hata moja.

Kutafuta, na majina yanayokuficha machapisho

Ziwa ni la nchi tatu na samaki mmoja ana majina matatu. Dagaa wa Mwanza ni omena wa Kisumu na mukene wa Entebbe. Ripoti ya Kenya inaweza kutumia omena kurasa zote na isitaje dagaa hata mara moja. Tafuta kwa jina la kisayansi pia: *Rastrineobola argentea* kwa dagaa, *Lates niloticus* kwa sangara, *Oreochromis niloticus* kwa sato. Kwenye hifadhidata zinazokubali alama za utafutaji, mfuatano kama huu unatosha kuanzia:

```
"Lake Victoria" AND (microplastic* OR "plastic debris")
AND (fish OR "Lates niloticus" OR "Oreochromis niloticus")
```

Nyota hapo inamaanisha "na miishilio yoyote ya neno hili". Google Scholar haiifuati, kwa hiyo huko andika maneno kamili. Kila unapotafuta, nakili kwenye ukurasa wa pili wa lahajedwali lako: tarehe, mahali ulipotafuta, maneno uliyotumia, na matokeo mangapi uliyafungua. Msimamizi akiuliza kwa nini pepa fulani haimo, ukurasa huo ndio utakaojibu.

Faili ukishalipakua, libadilishe jina hapo hapo. Mafaili yanayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa huitwa "download (3)" na baada ya muda hayana mwenyewe. Jina kama `2016_Biginagwa_JGLR.pdf` linakwambia mwaka, mwandishi wa kwanza na jarida bila kufungua chochote.

Safu ninazozishauri

Kwa mada hii ninaona safu nane zinatosha. Zikizidi hapo utaacha visanduku vitupu, na jedwali lenye mapengo mengi linachosha hata kulifungua.

```
1 marejeo       5 njia_ya_kuthibitisha
2 mahali        6 matokeo_na_kipimo
3 sampuli       7 mipaka
4 njia          8 maoni_yangu
```

Safu ya nne na ya tano nimezitenganisha makusudi. Kuona kipande chekundu kwenye utumbo wa samaki chini ya hadubini ni jambo moja, na kupima kipande hicho ujue kama kweli ni plastiki ni jambo jingine. Katika fani hii ndipo namba zinapopishana zaidi. Kama mada yako ni kichocho au ubora wa maji, mgawanyo wako utakuwa mwingine: waliohojiwa kama wanakojoa damu na waliopimwa wakakutwa na mayai, kwa mfano.

Safu ya nane nayo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Safu ya sita na ya saba ni sauti ya waandishi wa pepa. Ya nane ni sauti yako. Zikichanganyika kwenye kisanduku kimoja, baada ya muda hutajua tena ni nani aliyesema sampuli ni ndogo, wewe au wao.

Kujaza mstari mmoja taratibu

Pepa yenyewe ni ya Biginagwa na wenzake wanne, ilitoka kwenye jarida la Journal of Great Lakes Research mwaka 2016, kurasa nne tu, 146 hadi 149. Kwa sababu ni fupi, inashawishi kusomwa kwa ikisiri peke yake. Ikisiri inasema walichunguza matumbo ya sangara na sato waliovuliwa maeneo ya Mwanza, na kwamba plastiki ilithibitishwa katika asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika "20%" na kuhamia pepa nyingine.

Sasa ingia ndani ya pepa ukiwa na safu zako mkononi. Safu ya tatu inauliza: asilimia 20 ya samaki wangapi? Ndani utakuta walikuwa sangara 20 na sato 20, walionunuliwa soko la bandari ya Mwanza. Kwa hiyo asilimia 20 ni samaki wanne wa kila aina. Hapo ndipo safu ya nane inapopata kitu cha kuandikwa. Wanne kati ya 20, ukikokotoa kwa uhakika wa asilimia 95, ni kiwango kinachoweza kuwa popote kati ya takribani asilimia 8 na 42. Hilo si kosa la watafiti. Wao walitaka kuonyesha kwamba plastiki imo ndani ya samaki wa maziwa makuu ya Afrika, jambo ambalo lilikuwa halijaripotiwa, na samaki wanne wanatosha kuonyesha kwamba imo. Anayekosea ni yule anayechukua utafiti wa kuonyesha kuwepo kwa kitu na kuutumia kama kipimo cha wingi wake.

Safu ya nne na ya tano zinafungua jambo jingine. Vipande vilivyoshukiwa kuwa plastiki vilipatikana kwa sangara 11, yaani asilimia 55, na kwa sato 7, yaani asilimia 35. Vilipopimwa kwa mwanga wa infraredi, kipimo kinachojulikana kama FTIR ambacho hutambua aina ya plastiki kwa jinsi inavyofyonza mwanga huo, waliobaki ni wanne na wanne. Pepa moja, namba tatu tofauti, na zote ni za kweli. Ukiwa na safu moja tu ya "matokeo" utachagua mojawapo, na mara nyingi utachagua iliyo kubwa.

Safu ya sita lazima ibebe maneno ya tahadhari ya waandishi. Kuhusu chanzo, wao wanasema vyanzo *vinavyoelekea* kuhusika ni taka za mijini na matumizi ya kila siku ya watu. Hawakupima chanzo. Walikisia kutokana na aina za plastiki walizozipata. Neno "vinavyoelekea" likidondoka njiani, pepa yako itaandika kwamba taka za jiji la Mwanza *zimethibitishwa* kuwa chanzo, na utakuwa umewasingizia watafiti. Kila unapojaza safu ya matokeo jiulize: walilipima au walilikisia? Mimi huweka herufi P au K mbele ya kila kauli. Ni kazi ya sekunde chache na huzuia ugomvi mwingi.

Mwisho, kila kisanduku cha matokeo kiwe na namba ya ukurasa. Asilimia 20 ya ikisiri iko ukurasa wa 146, iandike hivyo. Nyingine zitafute ndani na uandike ukurasa ulikoziona kwa macho yako. Mtindo wa marejeo wa APA haulazimishi ukurasa pale unapoeleza kwa maneno yako mwenyewe, ila jedwali ni lako na wewe ndiye utakayeulizwa.

Mstari wote ukikamilika, sentensi kama "Utafiti unaonyesha asilimia 55 ya sangara wa Ziwa Victoria wana plastiki" inajionyesha yenyewe ubovu wake. Namba ni ya walioshukiwa, si ya waliothibitishwa. Mahali ni soko moja la Mwanza, si ziwa zima lenye nchi tatu. Na "utafiti" huo hauna mwenyewe. Sentensi za aina hii zimejaa kwenye ripoti za fildi, na nyingine zinanukuliwa tena na ripoti za mwaka unaofuata.

Mstari wa pili, na namba zisizolingana

Upande wa kaskazini wa ziwa, Uganda, kuna utafiti wa Egessa, Nankabirwa, Ocaya na Pabire wa 2020 kuhusu plastiki kwenye maji ya juu. Wao walipata vipande 0.02 hadi 2.19 kwa kila mita moja ya ujazo wa maji. Iweke kwenye safu ya sita pamoja na kipimo chake, kisha iangalie juu yake: kuna asilimia ya samaki, chini kuna vipande kwa mita ya ujazo. Hizi hazijumlishwi, hazilinganishwi, na haziwezi kuonyesha kwamba kusini kumechafuka kuliko kaskazini. Hii ndiyo sababu safu inaitwa "matokeo na kipimo". Namba isiyo na kipimo chake itakushawishi uilinganishe na jirani yake.

Hata tafiti mbili za maji zinaweza zisilingane. Maji huchujwa kwa wavu, na kipande chembamba kuliko matundu ya wavu hupita. Aliyetumia wavu wa matundu madogo atahesabu vipande vingi zaidi kwenye maji yale yale. Kwa hiyo safu ya nne kwa tafiti za maji lazima iseme ukubwa wa matundu. Usipoukuta kwenye pepa, andika "haikutajwa". Usiache kitupu, maana kisanduku kitupu kina maana mbili: haikutajwa, au hukuangalia.

Egessa wawili wa 2020

Egessa na Nankabirwa wana pepa nyingine ya mwaka huo huo wa 2020, kuhusu plastiki kwenye fukwe na kwenye tope la ziwa upande wa kaskazini. Safari hii wameandika na Basooma na Nabwire. Kwa mtindo wa APA wa toleo la 7, pepa yenye waandishi watatu au zaidi hufupishwa kwa jina la kwanza na "na wenzake". Zote mbili zinageuka "Egessa na wenzake, 2020", na msomaji hajui unamaanisha ipi.

Wengi huweka a na b baada ya mwaka. Hiyo ni kwa waandishi wale wale kabisa, kwa mpangilio ule ule, na herufi hufuata alfabeti ya vichwa vya pepa. Hapa waandishi ni tofauti, kwa hiyo kanuni inataka uongeze majina mpaka pepa zitofautiane. Jina la tatu ndilo linalotofautisha. Ukiishia hapo anabaki mwandishi mmoja tu, na "na wenzake" haiwezi kusimama badala ya mtu mmoja. Matokeo yake unaandika majina yote manne:

```
(Egessa, Nankabirwa, Ocaya, & Pabire, 2020)
(Egessa, Nankabirwa, Basooma, & Nabwire, 2020)
```

Ni marefu, lakini ndiyo sahihi. Katika ripoti ya Kiswahili weka "na" badala ya alama ya &, na ushikilie uamuzi huo ripoti nzima.

Aliyesema ni nani hasa?

Utangulizi wa karibu kila pepa ya Ziwa Victoria unasema lini sangara aliletwa ziwani. Baadhi hutaja miaka ya 1950, wengine mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kila mmoja ana mabano mbele yake. Tuseme uko kwenye pepa ya plastiki na umekuta kauli hiyo. Ukiinukuu kwa jina la mtafiti wa plastiki, umempa sifa asiyokuwa nayo: yeye hakuchunguza historia ya sangara, aliisoma kwa mwingine.

Fuata mabano. Tafuta chapisho la asili, lisome sehemu husika, na liwe na mstari wake kwenye jedwali. Mara nyingine utagundua kwamba chapisho la asili nalo limemnukuu mwingine, au linasema jambo lililo tofauti kidogo. Tofauti ya miaka inayoonekana kama mgongano inaweza kuwa tofauti ya kinachohesabiwa: samaki wa kwanza kuingia, au upandikizaji rasmi uliofuata. Kama chapisho la asili halipatikani kabisa, andika jina la mwenye kauli kisha "kama alivyonukuliwa katika" na jina la pepa uliyoisoma. Kwenye orodha ya marejeo inaingia ile uliyoisoma peke yake. Ripoti ya kurasa 20 yenye "kama alivyonukuliwa" mara nyingi inaonyesha mtu aliyesoma tangulizi tu.

Kunakili kunakoanzia kwenye jedwali

Wizi wa maandishi katika ripoti za fildi mara nyingi hauanzii kwenye nia mbaya. Unaanzia kwenye kisanduku. Mwanafunzi ananakili sentensi kutoka kwenye pdf na kuibandika kwenye safu ya njia, "nitaibadilisha baadaye". Muda unapita, sentensi inaonekana kama yake, anaihamishia kwenye ripoti. Dalili yake ni rahisi kuiona: ripoti inaenda kwa lugha ya kawaida, ghafla aya moja inakuwa na ufasaha wa jarida, kisha inarudi ilivyokuwa.

Weka kanuni moja. Chochote kilichonakiliwa neno kwa neno kinaingia kwenye jedwali kikiwa ndani ya alama za kunukuu pamoja na ukurasa, tangu siku ya kwanza. Kingine chote kiandike ukiwa umelifunga faili. Kwa wanaosoma Kiingereza na kuandika Kiswahili kuna mtego mwingine. Kutafsiri sentensi neno kwa neno hakuifanyi iwe yako. Wazo na mpangilio wake bado ni vya mwandishi, na unapaswa kumtaja.

Kuandika marejeo

Kabla ya yote muulize msimamizi ni mtindo gani. Taasisi za uvuvi na mazingira mara nyingi huridhika na wa mwandishi na mwaka, kama APA, ilhali wa afya hupenda Vancouver wenye namba. Kubadilisha mtindo baada ya kuandika kwa mkono ni mateso, kwa hiyo tumia Zotero, programu ya kutunza marejeo ambayo ni ya bure. Bofya kitufe cha `Add Item(s) by Identifier`, bandika DOI, na taarifa zinaingia zenyewe. DOI ni namba ya kudumu ya chapisho, na kwa pepa yetu ni `10.1016/j.jglr.2015.10.012`.

Umeona 2015 ndani ya hiyo namba? Hapo baadhi ya watu huandika mwaka 2015. DOI ilitolewa makala ilipokuwa inaandaliwa, lakini chapisho lenye juzuu na kurasa ni la 2016, na huo ndio mwaka wa kuandika:

```
Biginagwa, F. J., Mayoma, B. S., Shashoua, Y., Syberg, K., &
Khan, F. R. (2016). First evidence of microplastics in the
African Great Lakes: Recovery from Lake Victoria Nile perch
and Nile tilapia. Journal of Great Lakes Research, 42(1),
146–149. https://doi.org/10.1016/j.jglr.2015.10.012
```

Katika ripoti, jina la jarida na namba ya juzuu huandikwa kwa italiki. Kichwa cha pepa hakiwekwi italiki na hubaki katika lugha yake.

Zotero haisomi akili yako, kwa hiyo pitia kila kilichoingia. Kosa la kawaida kwa ripoti za ziwa ni taasisi kugeuzwa mtu. Shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, lile lenye makao yake Jinja, huingia kama jina na ukoo, na kwenye orodha yako anatokea mwandishi anayeitwa "Organization, L. V. F." Kando ya kisanduku cha mwandishi kuna kitufe cha kubadili visanduku viwili kuwa kimoja. Kibofye, kisha andika jina zima la taasisi. Kosa la pili ni herufi kubwa. Ukiiamuru ishushe kichwa kuwa herufi ndogo, hakikisha Victoria, Nile na Mwanza hazijashuka nazo.

Nyaraka za Kiswahili zisikutishe. Ukitumia hotuba ya bajeti ya wizara ya uvuvi ndani ya ripoti ya Kiingereza, kichwa kinabaki Kiswahili kama kilivyochapishwa, na tafsiri yake inafuata kwenye mabano ya mraba. Mwandishi ni wizara, si waziri anayeisoma, isipokuwa waraka wenyewe umemwandika yeye kama mwandishi.

Kuna na yale ambayo hayapo kwenye karatasi. Afisa uvuvi amekueleza jambo kwa simu, au mchuuzi wa Mwaloni Kirumba amekwambia sangara wa siku hizo wanatoka visiwa gani. APA huyaita mawasiliano binafsi: unayataja ndani ya maandishi pamoja na tarehe, na hayaingii kwenye orodha ya marejeo kwa sababu msomaji hawezi kuyafungua. Lakini kama umewahoji wachuuzi kama sehemu ya utafiti wako, hayo si mawasiliano binafsi tena. Ni data, yanahitaji kibali cha maadili na ridhaa yao, na majina yao hayatajwi.

Kutoka jedwali hadi aya

Jedwali husomwa kutoka juu kwenda chini. Ukilisoma kwa mstari utaandika pepa moja kwa aya moja, na utarudi kule tulikotoka. Chukua safu moja, teremka nayo, uone wanakubaliana wapi na wanaachana wapi. Kwa mistari yetu michache, safu ya tano na ya sita zinatoa aya kama hii:

"Plastiki imethibitishwa kwa kipimo cha infraredi katika matumbo ya sangara na sato wa Mwanza, ambapo samaki wanne kati ya 20 wa kila aina walikutwa nayo (Biginagwa na wenzake, 2016). Vipande vilivyoshukiwa kabla ya kupimwa vilikuwa kwa samaki wengi zaidi, jambo linaloonyesha kwamba kuhesabu kwa macho pekee kunaweza kuzidisha kiwango. Upande wa kaskazini, maji ya juu ya ziwa yalikuwa na vipande 0.02 hadi 2.19 kwa mita ya ujazo (Egessa, Nankabirwa, Ocaya na Pabire, 2020). Kwa kuwa tafiti hizi zimepima vitu tofauti, haziruhusu kulinganisha kusini na kaskazini."

Sentensi ya pili na ya mwisho zimetoka safu ya nane. Ndizo mapitio yenyewe, na msimamizi atazitafuta hizo kwanza. Angalia pia kwamba mabano yamekaa pale kauli ilipo. Mabano yakirundikwa mwisho wa aya, hakuna atakayejua yapi yanabeba nini.

Kabla ya kukabidhi

Chapisha orodha ya marejeo. Pita kwenye maandishi ukiwa na kalamu: kila jina unalokutana nalo kwenye mabano, liwekee alama kwenye orodha. Jina lililoko kwenye orodha na halina alama, litoe, isipokuwa taasisi yako inataka orodha ya yote uliyosoma. Jina lililoko kwenye maandishi na halimo kwenye orodha, liongeze. Kisha bofya DOI zote moja moja. Ikifungua pepa nyingine au isipofungua kabisa, namba imekosewa, na mara nyingi kosa ni nukta ya mwisho wa sentensi iliyonata kwenye kiungo.

Jedwali lenyewe likitakiwa kama kiambatisho, tengeneza nakala yake na uondoe safu ya nane, zile herufi P na K, pamoja na ukurasa wa utafutaji kama hujaombwa. Geuza karatasi ilale ili safu saba zienee, na rudia kichwa cha safu kwenye kila ukurasa. Ile yenye maoni yako baki nayo: ukipewa mada jirani fildi ijayo, tayari una mistari ya kuanzia.